Kubandika Kiraka cha Tafsiri Kwenye Gemu, na Namba ya Kuhakiki Kwanza

Gemu ya Mother 3 ilitolewa na Nintendo nchini Japani tarehe 20 Aprili 2006, kwa ajili ya mashine ya mkononi ya Game Boy Advance. Hadithi yake ni ndefu, mazungumzo ni mengi, na maandishi yote yako kwa Kijapani. Toleo rasmi la lugha nyingine halikufuata. Mashabiki waliosubiri wakachoka, na kikundi kilichoongozwa na Clyde Mandelin, ambaye kazi yake ni ufasiri, kikajitwisha shughuli hiyo. Tarehe 17 Oktoba 2008 tafsiri ya Kiingereza ikatoka.

Kilichotolewa siku hiyo hakikuwa gemu. Lilikuwa faili dogo linaloitwa kiraka, ambalo peke yake halichezeki. Anayetaka kucheza anatakiwa awe na nakala ya yaliyomo kwenye kaseti ya Kijapani, yaani faili la romu, kisha programu ndogo ibandike kiraka juu ya romu hiyo na kutoa faili la tatu ambalo ndilo gemu iliyotafsiriwa. Utaratibu huu una sababu ya kisheria. Muziki, michoro na programu ya gemu ni mali ya waliozitengeneza, na kusambaza romu nzima ni kusambaza mali ya watu. Kiraka hubeba tofauti tu: maandishi mapya, herufi mpya, na sehemu za programu zilizoandikwa upya na watafsiri. Kwa sababu hiyo romu hutolewa kwenye kaseti ambayo mtu mwenyewe ameinunua, kwa kifaa kidogo kinachopokea kaseti upande mmoja na kuunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB upande wa pili.

Kaseti ya Mother 3 ikisomwa vizuri hutoa faili lenye baiti 33,554,432 kamili. Kila baiti ina anwani yake, kuanzia sifuri hadi ya mwisho, na kiraka hufanya kazi kwa kutegemea anwani hizo peke yake. Hakijui kwamba mahali fulani pana sentensi ya mhusika fulani. Kinachojua ni kwamba kwenye anwani fulani baiti iliyopo lazima ibadilike iwe nyingine. Kama romu iliyopo mezani si ile ile iliyotumiwa na watafsiri, baiti kwa baiti, maagizo hayo yataangukia mahali pasipohusika, na programu iliyoandikwa vibaya mahali pamoja tu inaweza kuzima gemu nzima. Hapo ndipo haja ya kuhakiki inapoanzia.

Namba ya uhakiki ni matokeo ya hesabu inayopitia faili lote, tangu baiti ya kwanza hadi ya mwisho, na kutoa jibu fupi. Aina inayotumika zaidi katika shughuli hii huitwa CRC32. Jibu lake huandikwa kwa alama nane, mchanganyiko wa tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F. Romu sahihi ya Mother 3 ya Kijapani hutoa jibu hili:

```
42AC9CB9
```

Baiti moja tu ikibadilika kati ya zile milioni thelathini na tatu, jibu hubadilika, na halibadiliki kidogo: alama nyingi kati ya nane huwa tofauti kabisa. Kwa hiyo hakuna jibu la kusema romu inakaribia kuwa sahihi. Alama saba zikilingana na moja ikakataa, faili hilo ni jingine. Jina la faili haliingii katika hesabu, wala tarehe yake. Mtu anaweza kuliita faili jina lolote na namba ikabaki pale pale. Kinyume chake pia ni kweli, na ndicho kinachowaponza wengi: faili linaloitwa kwa jina sahihi kabisa linaweza kuwa na yaliyomo tofauti.

Kupata namba hiyo si kazi ngumu. Kwenye Linux iliyowekewa programu ya crc32, na kwenye kompyuta nyingi za Mac, amri moja inatosha:

```
crc32 mother3.gba
```

Kwenye Windows, anayetumia programu ya 7-Zip hubofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akafungua menyu ya CRC SHA na kuchagua CRC-32. Kwa simu ipo njia nyingine: ukurasa wa Rom Patcher JS hufunguka ndani ya kivinjari cha kawaida, na mara faili la romu linapochaguliwa namba yake huonyeshwa hapo hapo. Hesabu hiyo hufanyika ndani ya simu yenyewe, hivyo romu haipakiwi popote na haili bando la mtumiaji.

Kuna mtego mmoja katika hatua hii. Romu nyingi huhifadhiwa ndani ya faili la zipu ili zichukue nafasi ndogo. Anayepima zipu yenyewe atapata namba isiyohusiana kabisa na romu, kwa kuwa amepima kifurushi badala ya kilichomo. Zipu ifunguliwe kwanza. Hata hivyo, muundo wa zipu wenyewe huhifadhi CRC32 ya kila faili lililomo, na programu kama 7-Zip huionyesha katika safu yake inapoorodhesha yaliyomo. Namba ya safu hiyo ndiyo ya romu, na inaweza kusomwa bila hata kufungua kifurushi.

Mtego wa pili huwapata wanaojua kidogo zaidi. Kaseti za Game Boy Advance zina baiti yao ya uhakiki, iliyowekwa na mtengenezaji karibu na mwanzo wa romu, na baadhi ya programu huionyesha na kuandika pembeni kwamba ni sahihi. Baiti hiyo hulinda kipande kifupi tu cha utangulizi, chenye jina la gemu na msimbo wake. Romu inaweza kuwa imeharibika katikati na baiti hiyo ikaendelea kuwa sahihi. Uhakiki unaohitajika hapa ni wa faili zima.

Namba ikikataa, jambo la kwanza la kuangalia ni ukubwa wa faili, kwa baiti kamili na si kwa megabaiti zilizokadiriwa. Ukubwa husema mengi kuhusu chanzo cha tatizo. Faili la Mother 3 likiwa pungufu ya baiti 33,554,432, huenda lilipunguzwa: zamani, kadi za kumbukumbu zilipokuwa ndogo na ghali, watu walikata baiti tupu za mwisho wa romu ili gemu nyingi zaidi zienee. Gemu iliyokatwa hivyo hucheza kama kawaida, na ndiyo maana mwenye faili anaweza kukaa nalo miaka bila kushuku lolote. Kwa kiraka, faili hilo ni jingine.

Ukubwa ukiwa sahihi na namba ikawa tofauti, kuna baiti zilizobadilika ndani. Huenda kuna mtu aliyeongeza ukurasa wa kujitangaza unaofunguka kabla ya gemu, au aliyegusa sehemu ya kuhifadhi mchezo ili ikubali aina fulani ya kaseti za kunakilia. Huenda romu ilishabandikwa kiraka tayari. Au kaseti ilisomwa vibaya, kwa sababu vipande vyake vya shaba vina kutu au uchafu. Hili la mwisho lina kipimo rahisi: kaseti isomwe mara mbili, na mafaili mawili yalinganishwe. Yakitoa namba mbili tofauti, kasoro iko kwenye usomaji, na vipande vya shaba vinahitaji kusafishwa kwa pamba yenye spiriti kisha kuachwa vikauke kabla ya kujaribu tena. Yakitoa namba ile ile mara zote, lakini si ile iliyotajwa na watafsiri, basi tofauti imo ndani ya kaseti: huenda ni toleo jingine la gemu, au ni kaseti ya kughushi, na hizo za kughushi za Game Boy Advance ziko nyingi.

Namna kiraka kinavyoitikia romu isiyo sahihi hutegemea muundo wake. Muundo wa zamani unaoendelea kutumika hadi leo ni IPS. Ni muundo mwepesi sana. Faili huanza na neno PATCH, hufuata maagizo, na huishia na herufi EOF. Kila agizo hutaja anwani, idadi ya baiti, na baiti zenyewe za kuweka hapo. Basi. Hakuna mahali popote panapotaja romu gani inatarajiwa. Kiraka cha IPS hubandikwa juu ya romu nyingine kabisa, au juu ya picha ya harusi, na programu itatangaza kwamba kazi imekamilika salama.

Gemu za Super Famicom, mashine ya Nintendo iliyotangulia, zinaonyesha vizuri hatari ya upofu huo. Vifaa vya kunakili kaseti vya miaka ya 1990 viliongeza baiti 512 za maelezo yao wenyewe mwanzoni mwa kila faili. Romu ya gemu kama Seiken Densetsu 3, iliyotoka mwaka 1995 na ambayo nayo ilipata tafsiri ya Kiingereza kutoka kwa mashabiki, ina baiti 4,194,304. Ikiwa na nyongeza hiyo huwa na baiti 4,194,816. Gemu ni ile ile, na emuleta hutambua nyongeza na kuiruka, kwa hiyo mchezaji haoni tofauti yoyote. Lakini kila anwani imesogea kwa hatua 512. Ni sawa na mtaa uliobadilishiwa namba za nyumba ilhali tarishi bado anatumia orodha ya zamani: barua zote zinafika, na zote zinaingia nyumba isiyo yake. Romu iliyobandikwa hivyo mara nyingi huishia kwenye skrini nyeusi tangu mwanzo.

Kuitambua nyongeza hiyo ni hesabu ya kugawanya. Ukubwa wa romu safi ya mashine hiyo hugawanyika kwa 1024 bila kubaki kitu. Yenye nyongeza hubakiza 512. Maelezo yanayofuatana na kiraka cha IPS kwa kawaida husema kama kilitengenezwa kwa romu yenye nyongeza au isiyo nayo. Anayehitaji kuiondoa anaweza kutumia amri hii, inayonakili faili lote isipokuwa baiti 512 za mwanzo:

```
dd if=gemu.smc of=gemu.sfc bs=512 skip=1
```

Baada ya hapo CRC32 ipimwe upya, kwa kuwa namba ya faili lenye nyongeza na ya lisilo nayo hazifanani hata kidogo.

IPS ina upungufu mwingine, na huo ndio uliogusa Mother 3 moja kwa moja. Anwani ndani ya IPS huandikwa kwa baiti tatu tu. Anwani kubwa kabisa inayoweza kuandikwa hivyo haivuki baiti 16,777,216 za mwanzo wa faili. Romu ya Mother 3 ni mara mbili ya hapo kamili, kwa hiyo nusu yake ya pili haifikiki kabisa kwa IPS. Ilihitajika njia nyingine, na mwaka huo huo wa 2008 mtengenezaji wa emuleta aliyejulikana kwa jina la byuu alikuwa amebuni muundo wa UPS. Tafsiri ya Mother 3 ikatoka katika muundo huo.

UPS haiandiki baiti mpya kama zilivyo. Huandika tofauti kati ya baiti ya zamani na mpya, ikipatikana kwa kulinganisha biti zake moja moja: zinapofanana huandikwa 0, zinapotofautiana huandikwa 1. Tuseme mahali fulani romu ya Kijapani ina baiti 82, na tafsiri inataka 41, ambayo katika mpangilio wa kawaida wa herufi ni A kubwa. Tofauti yake ni C3:

```
82 = 10000010
41 = 01000001
C3 = 11000011
```

Programu inapokutana na 82 na kuiunganisha na C3, hupata 41. Sasa tuseme romu ya mtu fulani ina kasoro ya biti moja na mahali hapo pana 83. Ikiunganishwa na C3 hutoka 40, ambayo ni alama ya @. Kwa hiyo katika UPS kasoro iliyokuwa kwenye romu haifunikwi na maandishi mapya. Hupita na kuingia kwenye tafsiri. Namba ya uhakiki ina uzito zaidi hapa kuliko ilivyo kwenye IPS, na mbunifu wa muundo huu alilitambua hilo, kwani baiti 12 za mwisho za kila faili la UPS ni namba tatu za CRC32: ya romu inayotarajiwa, ya gemu itakayotoka, na ya kiraka chenyewe.

Namba hizo zinaweza kuonekana kwa macho. Amri ifuatayo huonyesha baiti 12 za mwisho wa kiraka:

```
tail -c 12 mother3.ups | xxd
```

Baiti nne za kwanza katika mstari utakaotokea ni hizi:

```
b99c ac42
```

Kwa mtazamo wa haraka hazifanani na namba iliyotajwa mwanzo. Sababu ni kwamba zimeandikwa kuanzia mwisho: zikisomwa baiti kwa baiti kutoka kulia kwenda kushoto, 42, AC, 9C, B9, zinatoa ile ile 42AC9CB9. Kwa njia hii mtu aliyepata kiraka bila karatasi ya maelezo anaweza kujua kilitengenezwa kwa romu ipi. Muundo wa BPS, uliobuniwa baadaye na mtu huyo huyo na ambao leo hupendelewa na watafsiri wengi, nao hubeba namba hizo tatu mwishoni kwa mpangilio huo huo.

Romu ikishathibitishwa, kubandika kwenyewe ni jambo la sekunde chache. Kwanza nakala ya romu safi iwekwe mahali ambapo haitaguswa. Kisha programu kama Flips, inayokubali IPS, BPS na UPS, ipewe kiraka, romu, na jina la faili jipya:

```
flips --apply mother3.ups mother3.gba mother3-en.gba
```

Jina la tatu ni muhimu. Programu kadhaa za zamani huandika juu ya romu ile ile zilizopewa, na kazi ikikatika katikati, mathalani umeme ukizimika, romu safi inakuwa imepotea. Wenye simu huchagua mafaili mawili katika Rom Patcher JS na kubonyeza kitufe cha kubandika. Faili jipya hushuka kama upakuaji mwingine wowote.

Kama romu si sahihi, programu itakataa na kusema kwamba kiraka hakikukusudiwa romu hiyo. Kwa viraka vya BPS, Flips ina chaguo la `--ignore-checksum`, linaloiamuru iendelee bila kujali. Kwa anayetaka kucheza tu, chaguo hilo halifai kuguswa. Gemu iliyobandikwa kwa nguvu yaweza kufunguka vizuri, ikaonyesha jina lake na mazungumzo ya mwanzo bila dosari, kwa sababu sehemu hizo hazikuguswa na kasoro. Kasoro hujitokeza saa nyingi baadaye: sentensi inayogeuka kuwa alama zisizosomeka, pambano linaloganda, mlango usiofunguka. Skrini nyeusi mwanzoni ni nafuu, kwa kuwa humwonyesha mtu tatizo kabla hajapoteza muda wake.

Kukataliwa huku kuna sura moja isiyo na madhara. Tofauti za UPS hufanya kazi pande zote mbili: C3 iliyogeuza 82 kuwa 41 ndiyo hiyo hiyo inayorudisha 41 kuwa 82. Mtu akibandika kiraka kwenye romu aliyokwisha kuitafsiri, programu inayofuata muundo huo kikamilifu hutambua namba ya pili kati ya zile tatu na kurudisha gemu ya Kijapani. Anayefungua gemu akakuta Kijapani baada ya kazi iliyotangazwa kuwa imefanikiwa, huenda amebandika mara mbili. IPS haina njia ya kurudi, kwani kilichoandikwa juu yake kimefutika.

Faili jipya nalo lipimwe. CRC32 yake lazima ilingane na namba ya pili iliyo mwishoni mwa kiraka, na hapo hakuna shaka tena kwamba gemu iliyoko mkononi ndiyo ile ile waliyoijaribu watafsiri kabla ya kuitoa. Ikumbukwe tu kwamba CRC32 iliundwa kukamata makosa ya bahati mbaya. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kutengeneza faili jingine lenye namba ile ile kwa makusudi, kwa hiyo kwa faili lisilojulikana lilikotoka baadhi ya watafsiri hutaja pia namba ndefu zaidi ya SHA-1, yenye alama 40, ambayo Windows huitoa bila programu ya ziada:

```
certutil -hashfile mother3.gba SHA1
```

Watafsiri wanaporekebisha makosa hutoa kiraka kipya, na kiraka hicho hubandikwa juu ya romu safi ya Kijapani, si juu ya toleo lililotafsiriwa awali, isipokuwa maelezo yake yaseme vinginevyo. Hifadhi ya mchezo iliyofanywa ndani ya gemu yenyewe kwa kawaida huendelea kufanya kazi, mradi jina lifuate: emuleta nyingi hutafuta faili la `.sav` lenye jina sawa na la romu, hivyo `mother3-en.gba` huenda na `mother3-en.sav`. Hifadhi ya papo kwa papo inayofanywa na emuleta ni habari nyingine. Hiyo hunasa kumbukumbu yote ya mashine kama ilivyokuwa, pamoja na anwani za sehemu za romu ya zamani ambazo katika romu mpya zimehama. Kabla ya kubadili toleo, mchezo uhifadhiwe kwa njia ya gemu yenyewe, na baada ya kubadili uanzishwe kutoka kwenye hifadhi hiyo.